UZI: Mdogo wangu akichanwa mkeka na timu moja, usiku huohuo anamaliza hela yote. Tuweke nini katikati?

DadaMkubwa_Tandika

Habari zenu wakuu. Nina mdogo wangu, miaka 26, anaendesha bodaboda ya mkataba. Hesabu ya bosi ni 10,000 kwa siku. Si mtu wa kubeti kila siku, wala si mlevi, na wiki mbili tatu zinaweza kupita bila kusikia lolote. Shida ni Jumamosi ambayo mkeka wake unakosa timu moja. Hapo anabadilika kabisa.

Jumapili alikuja kwangu mwenyewe akanipa simu, tukapitia meseji za miamala pamoja. Naziweka hapa kama zilivyo.

Mkeka wa timu 10, dau 2,000, ungempa kama 27,000. Timu 9 zikatiki. Ya 10 ikasawazishiwa dakika za nyongeza, saa 2 kasoro usiku.
Saa 2:04 usiku akatuma 5,000 kwenye akaunti ya kubeti.
Saa 2:31, 10,000.
Saa 3:10, 20,000. Hii ilikuwa hesabu ya bosi ya Ijumaa na Jumamosi.
Saa 4:52, 15,000. Mkopo wa simu.
Saa 7:20, 9,000. Alimwazima dereva mwenzake, akazipeleka kwenye zile mechi za kompyuta zinazoisha ndani ya dakika chache.

Jumla 61,000. Ninachoshindwa kuelewa ni kwamba ile 2,000 ya mkeka hata haikumuuma, alishaihesabu imekwenda tangu asubuhi. Sasa kwa nini kuikosa kulimtoa 59,000 nyingine? Na je, kuna kitu kidogo cha kuweka katikati ya saa 2 kasoro na saa 2:04? Sitaki mahubiri, nyumbani ameshahubiriwa vya kutosha.

Mkeka_Konki

Dada, tatizo la bro wako ni uchaguzi wa timu tu. Timu 10 ni nyingi. Nina grupu la Telegram, kila siku odi 3 za uhakika. Aje nimrudishie hiyo 61 ndani ya wiki.

KeshiaMstaafu

Konki, soma swali upya. Dada hajauliza namna ya kurudisha hela. Kurudisha ndiko kulikommaliza.

Dada, nilikaa dirishani kwenye kibanda cha kubeti miaka kadhaa, Temeke hukohuko. Aliyekosa timu 5 anauchana mkeka, anautupa, anakwenda zake kula chipsi. Hana hasira. Aliyekosa timu moja hautupi. Anakuja nao mkononi, anakuonyesha kupitia nondo za dirisha: "Keshia, ona, tisa zote!" Yeye hajioni kama mtu aliyepoteza. Anaona alipatia, halafu kuna mtu kamwibia, refa au yule beki wa dakika ya 94. Na mtu anayeamini kaibiwa hawezi kulala, lazima adai chake. Ndiyo maana ile 2,000 haimuumi. Anachokidai ni ile 27,000 ambayo kwa dakika kadhaa ilikuwa yake kichwani, na pengine alishaipangia matumizi.

Hebu nikuombe kitu. Muulize kila tiketi ya usiku ule ilikuwa na odi ngapi. Kwenye akaunti, historia ya tiketi inabaki.

Hesabu_za_Mtaani

Niongezee kwenye la Keshia, maana huu "wizi" una namba zake.

Tuseme timu zake zote 10 zilikuwa za odi 1.30. Ukizizidisha unapata karibu 13.8, ndiyo maana 2,000 ikasoma 27,000 na kitu. Odi ya 1.30 inaonekana kusema timu itashinda mara 77 kwa 100, lakini humo ndani kampuni imeshakata chake, kwa hiyo uwezekano wa kweli tuuweke 73. Timu 10 kutiki zote kwa mpigo inakuwa kama mara 4 kwa 100. Kukosa timu moja tu ni kama mara 16 kwa 100.

Yaani kwa mkeka kama huo, utachanwa na timu moja karibu mara nne kwa kila mara moja unayoshinda. Kukosa kwa timu moja si nuksi, wala si dalili kwamba unakaribia. Ndivyo mkeka mrefu unavyokwenda kwa kawaida yake. Mdogo wako anapata hasira ya mtu aliyeibiwa kwa jambo ambalo lilitegemewa tangu asubuhi.

Chief_wa_Single

Mimi nabeti mwaka wa sita na sijawahi kulala njaa. Siri ni mbili. Single tu, hakuna mikeka mirefu. Halafu dau lisizidi asilimia 2 ya mtaji. Akifanya hivyo hatakuwa na "timu moja imenichana" wala hiyo hasira. Msimkataze kubeti, mfundisheni nidhamu.

DadaMkubwa_Tandika

Keshia, nimempigia. Kwanza alikasirika, akauliza za nini. Baadaye akatuma.

Ile 5,000 ilikuwa odi 1.41. Ile 10,000 odi 1.72. Ile 20,000 odi 1.85. Ile 15,000 ya mkopo odi 3.50, mechi ya Hispania ya saa 5 usiku. Ile 9,000 ya mwisho aliigawa vipandevipande kwenye mechi za kompyuta, anasema mingine ilikuwa matokeo kamili, odi 7, odi 8.

Nikamuuliza hiyo timu ya Hispania anaijua? Hajui hata jezi yao rangi gani.

KeshiaMstaafu

Nilijua. Hesabu, mwoneshe.

Hesabu_za_Mtaani

Dada, chukua kalamu. Alikuwa amepoteza 2,000. Anaweka 5,000 kwa 1.41, faida yake ni 2,050. Anarudisha ile 2,000 kamili.

Ikagoma, sasa shimo ni 7,000. Anaweka 10,000 kwa 1.72, faida 7,200.

Ikagoma, shimo 17,000. Anaweka 20,000 kwa 1.85, faida 17,000 juu ya alama.

Ikagoma, shimo 37,000, na mfukoni hana kitu, simu inamkopesha 15,000 tu. Ili 15,000 izae 37,000 anahitaji odi 3.50. Akaikuta Hispania.

Ikagoma, shimo 52,000 na mkononi ana 9,000. Hapo hata odi 6 haitoshi, ndiyo maana akaishia kwenye matokeo kamili ya timu za kompyuta.

Unaona? Usiku mzima hakuchagua mechi hata moja. Shimo ndilo lililokuwa linachagua. Shimo likikua na hela ikipungua, odi lazima ipande, na odi ikipanda uwezekano unashuka. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba binadamu akishaona yuko kwenye hasara, anakuwa tayari kucheza pata potea ambayo akiwa sawa asingeigusa, ilimradi kuna tundu la kurudi sifuri. Kaka yetu hakuwa anatafuta utajiri saa 5 usiku. Alikuwa anatafuta sifuri.

Chief, na hapo ndipo ushauri wako unapoishia nusu. Uko sahihi kwamba mkeka mrefu unakatwa zaidi, kwa sababu makato ya kila timu yanazidishana. Lakini hebu tazama tena: tiketi zote kuanzia saa 2:04 hadi saa 4:52 zilikuwa single. Na asilimia 2 ya mtaji ni kanuni ya mtu aliyetulia. Saa 3 usiku mtaji wenyewe ni hesabu ya bosi.

Chief_wa_Single

Sawa, hapo kwenye odi umenigusa. Lakini bado nasema ni nidhamu. Mimi nikipoteza nafunga simu.

Fundi_Selemala_Mza

Niko Mwanza, huo mchezo naujua. Kinachosumbua ni kwamba kurudisha KUNAFANYA KAZI. Mimi nimerudisha mara nyingi sana. Unapoteza elfu mbili, unaweka tano, inarudi, unalala kama mfalme. Mkimwambia dogo kwamba kurudisha hakuwezekani atawaona waongo, maana ameona kwa macho yake. Muulizeni.

DadaMkubwa_Tandika

Ni kweli. Aliniambia, "Dada, siku zote inarudi, safari hii ndiyo imekataa."

Hesabu_za_Mtaani

Fundi amesema jambo ambalo wengi wanaolikemea hili hawalisemi. Chukua zile hatua nne za mdogo wako na uwezekano wa kawaida wa odi zake. Zote nne kugoma kwa usiku mmoja ni kama mara 1 kwa 20. Maana yake mara 19 anarudisha ile 2,000 na kulala kama mfalme. Mara 19 ni 38,000 alizookoa. Mara ya 20 zinaondoka 50,000 juu ya ile 2,000, na hapo sijaweka mechi za kompyuta wala riba ya mkopo. Akili inakumbuka zile 19. Ndiyo maana hasira peke yake haielezi kila kitu. Amefundishwa, tena na ushindi wake mwenyewe.

Mama_Naima

Samahani kuingilia. Wangu ni mume. Tulikubaliana namba ya siri ya simu nikae nayo mimi. Ilikwenda vizuri kidogo, halafu nikagundua anabeti kwa pesa taslimu kibandani, na laini nyingine amesajili. Na ugomvi ndani ukaongezeka, kila akitaka vocha lazima aniombe kama mtoto. Kwa hiyo mimi hivyo vizuizi sina imani navyo. Mtu akitaka atapita tu.

KeshiaMstaafu

Pole mama Naima. Na nakubaliana nawe kuhusu namba ya siri. Bodaboda bila simu ya pesa hawezi kufanya kazi, abiria wengi wanalipa kwa simu. Ukimnyang'anya atatafuta laini nyingine wiki hiyohiyo.

Ila mimi kizuizi sikipimi kwa kuuliza kama kinapitika. Vyote vinapitika. Nilichoona dirishani ni kwamba ile moto ya kurudisha ina kilele chake. Jamaa anakuja mbio, anakuta foleni ya watu wanane au mtandao umekata. Anakaa pale nje anatukana. Nusu saa baadaye wengine wameshaondoka, tena wengine wanacheka wenyewe. Si wote, lakini wengi. Mtandao kukatika ulisaidia watu kuliko mabango ya "cheza kistaarabu" tuliyobandika ukutani. Kwenye simu hakuna foleni. Saa 2 kasoro mpaka saa 2:04 ni dakika chache tu, moto haujaanza hata kushuka.

Kwa hiyo kizuizi kizuri ni kile kinachorudisha foleni. Kimcheleweshe saa moja tu ya kwanza. Ningefanya hivi kwa mdogo wako:

Hesabu ya bosi itumwe saa 11 jioni Jumamosi, kabla mechi za Uingereza hazijaisha, na ya Ijumaa itumwe Ijumaa. Bosi anayekusanya Jumapili bila kujua anamwachia kijana 20,000 za watu usiku mbaya kuliko wote. Mwambieni apokee kila siku.

Faida yake ya siku aiweke kwa mama kijumbe wa mchezo, au kwenye kibubu cha kuvunja, jioni hiyohiyo. Abaki na ya mafuta na ya kula. Angekuwa na 4,000 mfukoni, ngazi ile ingekatikia kwenye 5,000.

Mkopo wa simu ajitoe, apige huduma kwa wateja aulize namna ya kujiondoa. Hili alifanye siku ya kazi akiwa ametulia. Ule mkopo ndio uliombeba kutoka 37,000 kwenda 52,000.

Akaunti ya kubeti nayo anaweza kuomba ifungwe. Aandike mwenyewe kwa maandishi, ataje muda, na atunze jibu. Lakini nisikudanganye, akaunti ya kampuni nyingine inafunguliwa kwa dakika chache. Hiyo ni foleni fupi. Ya hela ndiyo ndefu.

Fundi_Selemala_Mza

Ongeza na matokeo. Mimi kilichonisaidia ni kuzima zile taarifa za magoli kwenye simu. Nikiweka mkeka siangalii mpaka asubuhi. Ukikuta asubuhi umechanwa na timu moja, inauma, lakini asubuhi mechi za kurudishia hamna na kazini unasubiriwa. Hasira inakosa pa kwenda.

Mkeka_Konki

Asubuhi mechi zipo mkuu, Japani na Australia 😂

Fundi_Selemala_Mza

Ndiyo hapo tulipofika sasa.

KeshiaMstaafu

Konki, kwa sababu umerudi. Grupu lako lina watu wangapi na wote wanapata timu zilezile? Maana niliwaona madirishani wenye ule mtindo wa kugawa watu mafungu mawili, hawa wanapewa ushindi wa nyumbani, hawa wageni, halafu kesho mnaendelea na fungu lililopatia tu, wanawaona manabii.

Mkeka_Konki

Sina muda wa malumbano.

Nesi_wa_Zamu

Mimi niko upande wa afya, nitasema kidogo. Kurudi kufukuza hela uliyopoteza ni moja ya dalili 9 zinazoangaliwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, na mtu akiwa na 4 ndani ya mwaka ndipo wanaita ugonjwa. Nyingine ni kuficha, kubeti ukiwa na msongo, kujaribu kuacha ukashindwa, na kutegemea watu wakulipie madeni. Dada, mdogo wako kuja mwenyewe na simu mkononi ni jambo zuri mno, usilitumie kumsema baadaye au hatakuja tena.

Angalieni hili pia. Akianza kusema hana maana ya kuishi, au madeni yamemziba, msisubiri Jumamosi nyingine. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, Mirembe Dodoma wapo, na hospitali ya mkoa mtaanzia. Semeni wazi kwamba ni kubeti, maana wengi wanafika wanasema kukosa usingizi tu.

DadaMkubwa_Tandika

Asante nesi. Umegusa na jingine, hiyo 20,000 ya bosi nimelipa mimi. Nimekosea?

Chief_wa_Single

Umekosea. Angeumia ndiyo angejifunza.

Mama_Naima

Angeumia pikipiki ingechukuliwa, asiye na kazi ndiye anabeti zaidi. Mimi naongea nikiwa ndani ya hilo.

Nesi_wa_Zamu

Hapa sina jibu moja. Ninachoweza kusema ni kwamba umtumie bosi moja kwa moja, hela isipite kwenye simu yake. Na deni libaki deni, akurudishie 2,000 kila wiki. Ya mkopo wa simu na ya mwenzake alipe mwenyewe.

DadaMkubwa_Tandika

Wakuu, leo Jumatatu, narudisha mrejesho wa Jumamosi ya kwanza.

Bosi alikubali kupokea kila siku, tena alifurahi. Faida inakwenda kwa mama kijumbe wa hapa mtaani, anakuja kuichukua saa 12 jioni. Mkopo wa simu bado, anasema ana deni humo na ameambiwa alimalize kwanza. Taarifa za magoli amegoma kuzima. Anasema akizima ataonekana mshamba kijiweni.

Mkeka aliweka, 1,000, timu 8. Zikakosa 2. Ananiambia hakusikia chochote, akaendelea kubeba abiria mpaka saa 5.

KeshiaMstaafu

Zimekosa 2, hiyo haijawa mtihani bado. Na Jumanne kuna mechi za Ulaya zinazoisha karibu saa 7 usiku, mama kijumbe amelala na vibanda vimefungwa, imebaki simu tu. Hesabu ya Jumanne inatumwa saa ngapi?

DadaMkubwa_Tandika

Jumanne huwa anaituma akifika nyumbani. Ngoja nimpigie.